Magunia ya mkaa mbele ya kamera ya joto: kisa cha barabara ya Pongwe hadi Muheza

Malalamiko yalikuwa mafupi: kamera ya usiku imekufa, ibadilishwe. Gari ni sedani ya Kijerumani iliyoingia kwa mtumba, na mwenyewe ni mzee mfanyabiashara wa machungwa anayelala Muheza huku shughuli zake zikiwa Tanga mjini. Kwa hiyo barabara hiyo huipita giza likiwa limeshaingia, na alilipenda gari hili hasa kwa sababu ya kile kidude cha kuonyesha watu gizani.

Kilichotokea ni hiki. Usiku mmoja wa Februari, mnamo saa mbili na nusu, alikuwa ameshaipita Pongwe kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Mbele likaja lori limewasha fulu, halishushi. Yeye akashusha zake, akawa anategemea skrini ya dashibodi. Skrini ikamwonyesha mtu anatembea kwenye bega la kushoto, mweupe katika picha ya kijivu, akiwa amezungushiwa alama ya njano. Akampita salama. Lori nalo likapita, na hapo ndipo alipoona magunia mawili ya mkaa mbele yake, katika njia yake, juu ya baiskeli isiyo na taa wala kiakisi. Alikata kulia. Kioo cha pembeni kikachana gunia moja, mwendesha baiskeli akayumba lakini hakuanguka. Mkaa ukalipwa palepale.

“Aliyekuwa pembeni imeniambia, aliyekuwa katikati haikuniambia,” alisema. “Sasa hiyo ni kamera au pambo, fundi?”

Nikamwambia, “Mzee wangu, tuachie gari tuipime kwanza. Kipuri hiki ukikinunua bila sababu utauza machungwa ya msimu mzima.”

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Kamera iliyokufa haimwonyeshi mtu yeyote. Iliyomwona mmoja ikamwacha mwingine, dakika hiyohiyo na barabara hiyohiyo, ina jambo jingine.

Tuanze na kamera yenyewe. Gari hili lina kamera ya joto. Haimuliki kitu. Inapokea mionzi ya infraredi ambayo kila kitu chenye uvuguvugu hutoa chenyewe, yale mawimbi marefu ya mikroni 8 hadi 14 ambayo jicho halina habari nayo. Ndani yake mna kibamba kidogo chenye maelfu ya vitone, kila kitone ni utando mwembamba ulioning’inizwa usigusane na kilicho chini yake. Mionzi ikiuangukia, utando unapata joto kidogo sana, ukinzani wake wa umeme unabadilika, na badiliko hilo ndilo linalogeuzwa kuwa kitone cheupe au cheusi kwenye picha. Kamera nzuri ya aina hii hutofautisha vitu vilivyoachana kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi ya Selsiasi, au hata chini ya hapo.

Lori lililokuwa limewasha fulu, kwa hiyo, halikuipofusha kamera kama lilivyompofusha mzee. Mwanga wa taa si mionzi inayoitazama. Kioo cha taa kinaonekana kwake kama kitu chenye vuguvugu tu, si jua lililokuja barabarani. Hii ndiyo faida yake kubwa katika barabara zetu, na mzee alikuwa na haki ya kuitegemea kwa hilo.

Si kila gari linaloitwa lenye kamera ya usiku lina kitu hiki. Teknolojia ya joto iliingia kwenye magari ya kuuzwa na Cadillac DeVille ya mwaka 2000, na Honda Legend ya 2004 ndiyo iliyoanza kumtambua mtembea kwa miguu na kumwekea alama. Toyota walipita njia nyingine: Crown Hybrid ya 2008 ina taa zake za infraredi ya karibu zinazomulika mbele bila kuonekana, na kamera inapokea zinazorudi. Hiyo haijali joto la kitu, inajali kama kinarudisha mwanga. Nalitaja hilo kwa sababu Crown ni nyingi mitaani, na mtu akisikia kisa hiki asidhani kinamhusu moja kwa moja. Kamera ya Crown ingeweza kuyaona yale magunia.

Gereji tulianza na mashine. Hakuna msimbo wa hitilafu uliohifadhiwa, si wa kamera wala wa kompyuta inayochambua picha. Halafu tukapiga magoti mbele ya grili, maana kamera hii haikai nyuma ya kioo cha mbele kama kamera nyingine. Haiwezi. Kioo cha kawaida kinazuia mawimbi hayo karibu yote, ndiyo maana lenzi na dirisha lake hutengenezwa kwa gerimani, madini yanayong’aa kijivu kama chuma kilichosuguliwa. Kwa macho yetu hayapitishi mwanga hata kidogo. Kwa kamera ni dirisha wazi.

Hapa ndipo magari ya mtumba yaliyowahi kugongwa mbele yanapodanganya watu. Bampa linabadilishwa, dirisha la gerimani limepasuka, na kwa kuwa la kununua ni ghali, mtu anakata kipande cha plastiki ngumu au kioo chenye ukubwa uleule, anagundisha, gari linauzwa. Skrini inawaka, alama ya mfumo ipo, picha inaonyesha ukungu wa kijivu usio na kitu. Kompyuta inaweza isilalamike, kwa kuwa umeme wote uko sawa. Ukitaka kujua, mwambie mtu asimame mbele ya gari hatua kadhaa, halafu ashike kipande cha kioo cha dirisha mbele ya uso wake. Kwenye picha nzima uso utapotea nyuma ya kile kioo wakati wewe kwa macho unamwona vizuri. Ikiwa uso hauonekani hata kabla ya kioo, dirisha la kamera lenyewe ndilo tatizo.

La mzee lilikuwa la asili. Lilikuwa na tope kavu pembeni na pua ya kurushia maji ilikuwa imeziba, tukazisafisha, lakini tope hilo halikufika katikati. Uso wa kijana wetu ulionekana mweupe, vidole vikihesabika, na alama ya kiganja chake ikabaki iking’aa ukutani kwa sekunde kadhaa baada ya kuondoa mkono. Kamera nzima.

Mzee alikuwa na ushahidi mmoja wa ziada: picha huganda kidogo kila baada ya muda na kunasikika mlio mdogo. Hiyo nayo si ugonjwa. Ndani kuna kifuniko kidogo kinachojifunga kwa muda mfupi sana mbele ya sensa ili vitone vyote vione joto moja na kujisawazisha. Bila hicho picha ingejaa mistari na madoa kadiri kamera inavyopata moto.

Basi ikabaki barabara. Tulikwenda na gari, baiskeli, magunia mawili yaliyojaa, vijana wawili, kamba ya kupimia na ile bunduki ya kupimia joto kwa mbali ambayo mafundi wa AC huitumia. Tulichagua saa ileile na kipande kilekile, gari likiwa limesimama pembeni, kijana mmoja akichunga magari.

Kwanza tulipima joto la vitu, maana picha ya kamera hii ni ramani ya tofauti za joto na si zaidi. Hewa ilikuwa nyuzi 28. Lami, iliyoshinda juani, bado ilikuwa 34. Udongo wa bega 29. Majani na vichaka vya kando 27 au pungufu kidogo. Shingo ya kijana 34, mgongo wa shati lake 31. Magunia 28.

Zitazame namba hizo kama kamera inavyozitazama. Imewekwa chini, kama nusu mita kutoka ardhini, na barabara pale ni tambarare. Kwa mtu aliye mbali mbele, sehemu ya mwili iliyo juu ya kimo cha kamera haina lami nyuma yake. Nyuma yake pana vichaka vya mbali. Shati la 31 mbele ya vichaka vya 27 ni tofauti ya nyuzi nne, na shingo ni saba. Kwa kamera inayotenganisha sehemu ya kumi ya nyuzi, huyo ni mtu anayeonekana waziwazi. Chini ya magoti mambo ni kinyume: miguu ya suruali iko mbele ya lami iliyo moto kuliko yenyewe, kwa hiyo inatokea kuwa myeusi. Mtu wa saa mbili usiku kule Pongwe ni mweupe juu na mweusi chini.

Magunia je? Nyuzi 28 mbele ya vichaka vya 27. Ni kanzu nyeupe iliyoanikwa mbele ya ukuta wa chokaa. Jicho likikaza kwenye skrini linaweza kuona kiraka chenye ukingo, hasa pale chini ambapo gunia lina lami ya moto nyuma yake na linaonekana jeusi. Lakini dereva hana muda wa kukaza jicho kwenye skrini, na kompyuta haitafuti viraka.

Hilo la kompyuta linahitaji maelezo, kwa sababu watu wengi huchanganya kuona na kutambua. Vipeperushi vya mauzo husema kamera inaona mita 300. Kweli inaona. Lakini alama ya njano inahitaji kompyuta iseme “huyu ni mtu”, na kwa hilo inahitaji umbo. Chukua kamera yenye vitone 320 kwa upana inayotazama pembe ya nyuzi 24, vipimo vya kawaida kwa kamera hizi. Kwenye mita 100, kitone kimoja kinafunika sentimita 13 hivi. Mtu wa mita 1.7 anakuwa na kimo cha vitone 13 na upana wa vinne. Hapo bado ana kichwa, mabega na miguu. Kwenye mita 300 anabaki na vitone vinne kwa kimo na kimoja kwa upana: nukta nyeupe tu, inaweza kuwa mtu, mbwa au jiwe lililoshinda juani. Ndiyo sababu vitabu vya magari ya aina hii huzungumzia mita kama 100 kwa kumtambua mtu, na mbali kidogo zaidi kwa mnyama mkubwa kama ng’ombe aliyesimama ubavu, na karibu zaidi kwa mnyama wa kimo cha mbuzi.

Sasa msogeze yule mwendesha baiskeli akiwa amekupa mgongo. Magunia mawili yaliyosimamishwa kwenye keria yanaziba mgongo, kiuno na miguu. Kinachochungulia juu ni kichwa na pengine bega. Kwenye mita 80, kichwa ni vitone viwili au vitatu. Ni vyeupe, vinaonekana, lakini havina mwili. Kompyuta iliyofundishwa kwa picha za watu wenye viwiliwili haina sababu ya kuvipa alama.

Tulitaka kuwa na uhakika kwamba ni mzigo na si saa. Tukateremsha magunia, kijana akapanda baiskeli tupu mahali palepale, dakika zilezile. Safari hii gari lilikuwa linatembea, polepole, kijana mwingine akiwa na kamba na vigingi pembeni. Alama ya njano ilikuja kwenye mita 90 hivi. Tukayarudisha magunia: picha ikaonyesha kichwa kinachoelea, hakuna alama, hadi tulipomkaribia mita 30 na ushei, pale mikono yake ilipoanza kuonekana pande zote mbili. Saa haikubadilika, joto halikubadilika. Kilichobadilika ni mkaa.

Nilitegemea, kusema kweli, kwamba saa ndiyo itakayoonekana kuwa mkosaji, kwa kuwa nafahamu jinsi pwani yetu inavyozitesa kamera hizi. Kwenye nchi za baridi, mtu wa usiku wa nyuzi sifuri anawaka kama kaa mbele ya kila kitu. Hapa, msimu wa kaskazi, usiku wa nyuzi 28 unamkaribia mtu aliyevaa nguo pana. Watengenezaji wengine wameandika wenyewe kwenye kitabu cha gari kwamba hewa ikivuka joto fulani, nyuzi ishirini na kitu, alama za watu na wanyama haziwekwi kabisa; picha inabaki, onyo linaondoka. Mwenye gari la namna hiyo akiwa Tanga mwezi Februari anaweza kuwa hana msaidizi robo tatu ya jioni zake, na skrini ikimwandikia jambo hilo ni kwa herufi ndogo. La mzee halikuwa na kikomo hicho, vinginevyo yule mtu wa pembeni asingepata alama.

Athari ya saa ipo, tuliiona mahali pengine. Mbele kidogo kuelekea Muheza kuna mahali barabara inapanda. Hapo mtu aliye mwanzoni mwa mlima ana lami nyuma yake badala ya vichaka, na lami ni 34, sawasawa na shingo yake, na moto kuliko shati lake. Tulimsimamisha kijana hapo akiwa amevaa kanzu. Mwili ukageuka kivuli cheusi, uso ukayeyuka ndani ya lami, na alama ikachelewa sana kuliko kwenye tambarare. Kila jioni kuna kipindi ambacho ngozi ya mtu na lami vinakutana kwa joto, na kwa barabara zetu kipindi hicho kinaangukia kati ya magharibi na saa tatu, wakati watu wametoka msikitini, sokoni na shambani. Wale walioitengeneza kwa barabara za kaskazini mwa Ulaya hawakuwa na shida hii.

Tulirudi alfajiri, saa kumi na nusu. Hewa 24, lami imeshuka hadi 26, majani 22, magunia 23, shati la kijana 28, uso 32. Picha ilikuwa nyingine kabisa: watu weupe kutoka utosi hadi kisigino, ukingo mkali, alama zinakuja mapema. Hata hivyo baiskeli yenye magunia, kwa nyuma, bado ilikuwa kichwa kinachoelea. Kichwa cheupe zaidi, lakini kichwa tu. Hapo suala la mkaa likawa limefungwa.

Alfajiri hiyohiyo ilituonyesha jambo la wanyama ambalo hatukulitafuta. Kundi la mbuzi lilikuwa limelala juu ya lami, kama wanavyopenda, kwa kuwa lami inabaki na uvuguvugu wakati majani yameshalowa umande. Skrini iliwaonyesha mapema kama mabonge meupe chini kabisa ya picha, yameshikana. Hakuna alama. Mmoja alipoinuka akageuka ubavu, akapata alama mara moja, na wenzake waliolala hawakupata. Mnyama aliyelala hana miguu wala shingo kwa kompyuta, na kundi lililoshikana ni doa moja lenye umbo lisilo la mnyama yeyote. Dereva wa barabara hii asisubiri alama kwa mbuzi. Atazame doa jeupe lililo juu ya lami mahali pasipotakiwa kuwa na doa. Kwa hilo picha tupu ina faida kuliko onyo.

Na mvua? Unyevu wa pwani peke yake haudhuru kitu kwenye mita mia. Mvua kubwa ndiyo inayoharibu: inalowesha nguo, majani na lami hadi vyote vinakaribiana joto, na matone kwenye dirisha la gerimani yanaziba kilichobaki. Picha ikiwa tambarare ya kijivu wakati wa mvua, usiende gereji.

Hadi hapo nilikuwa na jibu la kwa nini kamera haikumwambia mzee. Sikuwa na jibu la swali la pili, ambalo yeye hakuuliza: kwa nini yeye mwenyewe hakuona? Magunia yale ni salfeti nyeupe zilizochafuka, si kitu cheusi. Taa zilizoshushwa, zikiwa zimepangwa vizuri, zilipaswa kuyafikia kabla ya pale.

Tukaliegesha gari mbele ya ukuta, mita 10 kamili, tukawasha taa. Mstari wa mwanga unatakiwa ukutani uwe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 10 hivi, yaani mteremko wa asilimia moja. Wa gari hili ulikuwa chini kwa sentimita 20. Inaonekana ndogo. Lakini taa iko sentimita 65 kutoka ardhini: kwa mteremko wa asilimia moja mwanga unagusa barabara mita 65 mbele, kwa asilimia mbili unaigusa kwenye mita 32.

Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Mtu mzima aliyeshtuka hutumia kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujakandamiza breki, hizo ni mita 33. Kusimama kwenyewe, lami kavu na tairi nzima, kunakula mita 35 nyingine. Mzee alikuwa na mita 32 za kuona. Zote ziliisha kabla hajagusa breki, na ndiyo maana alichoweza kufanya ni kukata usukani. Taa zikiwa sawa angekuwa na mara mbili ya hizo, ambazo zinakaribia kutosha kwa mwendo ule, na zinatosha kabisa kwa 70.

Chanzo kilikuwa nyuma ya gari. Taa za aina hii hujishusha zenyewe gari likipakia mzigo, zikisikiliza fimbo ndogo iliyofungwa kwenye mkono wa sospensheni ya nyuma. Gari lilikuwa limebadilishiwa bushi mahali fulani, na aliyeifanya kazi hiyo aliirudisha fimbo ikiwa imepinda. Kompyuta ikawa inaamini kwamba buti limejaa siku zote, nayo kwa uaminifu ikazishusha taa. Hakuna msimbo wa hitilafu kwa sababu kipimo kilikuwa ndani ya mipaka yake, kilikuwa tu cha uongo. Tukainyoosha, tukaifunga mahali pake, tukapanga taa upya ukutani na mtu mmoja akiwa amekaa kiti cha dereva.

Mzee alipokuja alisikiliza yote hadi mwisho, akaomba aione ile fimbo. Nikamwonyesha.

“Kwa hiyo kamera hamkuigusa?”

“Tumeifuta tope, mzee, na tumezibua pua ya maji.”

Akauliza kama inawezekana kuifundisha kamera baiskeli za mkaa. Haiwezekani kwetu; programu ya kutambua umbo imefungwa kiwandani, na fundi hana mlango wa kuingilia. Nilichoweza kubadilisha ni mpangilio wa onyo, nikauweka kwenye mapema, na nikamsogezea picha kwenye skrini kubwa ya kati ili ibaki wazi badala ya kutokea pale tu kompyuta inapomtambua mtu. Alikubali ya kwanza. Ya pili aliijaribu jioni ile hadi Muheza, akanipigia kesho yake kuomba niirudishe ilivyokuwa, kwa sababu kila bodaboda iliyopita ilimvuta macho kwa ule bomba wake wa moshi unaowaka kama taa. Nikairudisha.